Kunawa, kutawadha, kubatizwa: tendo linageukaje kuwa la kiibada?

Pale soko la samaki Bagamoyo, muuzaji akimaliza kupaa magamba na kutumbua, hunawa. Atatumia maji ya bomba au ya bahari, sabuni au kipande cha ndimu, ataanza na mkono wowote na ataacha shombo likipungua. Muda mfupi baadaye adhana inalia, na mtu yuleyule anakaa mbele ya bomba la msikiti, anaosha uso, mikono na miguu. Maji hayana tofauti, viungo ni vilevile, na ukimtazama kwa mbali hata mwendo wa mikono haujabadilika sana. Hata hivyo anayesoma anthropolojia ya dini atakuambia kwamba tendo la kwanza ni la kawaida na la pili ni la kiibada. Kazi iliyopo ni kusema hasa ni kitu gani kimebadilika.

Wanaoanza somo hili huwa na majibu matatu ya haraka, na inafaa kuyapitia kwa sababu kila moja lina ukweli kidogo. La kwanza ni kwamba tendo la pili linahusu dini. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, mwaka 1912, aligawa mambo yote mafungu mawili, matakatifu na ya kawaida, akasema ibada ni kanuni za jinsi mtu anavyopaswa kuwa mbele ya vitu vitakatifu. Lakini kumsaidia jirani aliyekwama ni jambo la dini kwa Mwislamu na kwa Mkristo, na bado unaweza kulifanya kwa njia yoyote inayomfaa jirani. Kwa upande mwingine, kiapo cha rais kilichomo katika katiba ya Marekani hakimtaji Mungu, na bado kina sura yote ya ibada. Kwa hiyo dini haitoshi, wala si lazima iwepo. Jibu la pili ni kurudiarudia, na hilo linaangushwa na mswaki wa kila asubuhi. La tatu ni kwamba tendo la kiibada lina maana iliyofichika. Hili ndilo linalowapoteza wengi, kwa hiyo nitalirudia huko mbele.

Jibu ninaloliona lina nguvu zaidi linatokana na watu wachache waliolitazama umbo la tendo badala ya mada yake. Roy Rappaport, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wamaring wa kisiwa cha Guinea Mpya katika miaka ya 1960, aliieleza ibada kuwa ni mfuatano wa matendo na maneno rasmi, usiobadilika sana, ambao wanaoutenda si wao walioutunga. Caroline Humphrey na James Laidlaw, mwaka 1994, walilisukuma wazo hilo mbele kidogo baada ya kuzichunguza ibada za Wajaini, wafuasi wa dini moja ya kale ya India, katika mji wa Jaipur. Walisema kwamba katika maisha ya kawaida, kusudio lako ndilo linaloamua unafanya nini. Ukiinua mkono kumwita mtu, tendo lako ni kuita, na ukiuinua kufukuza nzi, ni kufukuza nzi. Katika ibada hali ni nyingine: tendo limeshapewa jina lake, mpaka wake na sehemu zake kabla hujafika. Wewe unaliingia tu, na ukishaingia huna uwezo wa kuamua ni tendo gani.

Maelezo hayo yanaweza kubaki hewani, kwa hiyo tuyape kipimo ambacho mwanafunzi anaweza kukitumia popote: angalia linapotokea kosa. Tendo la kawaida likiharibika, watu hulipima kwa matokeo. La kiibada likiharibika, hulipima kwa umbo lake lenyewe. Muuza samaki aliyenawa vibaya anajulikana kwa harufu, na dawa yake ni kunawa tena kwa njia yoyote ile. Aliyetawadha vibaya hana harufu wala doa, na anaweza kuwa msafi kuliko wenzake wote waliosimama safu moja naye.

Tuufuate udhu wenyewe hatua kwa hatua, kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo yanayofuatwa zaidi na Waislamu wa mwambao. Nguzo zake ni sita: nia inayowekwa moyoni wakati wa kuanza kuosha uso, kuosha uso wote, kuosha mikono miwili pamoja na viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu miwili pamoja na vifundo, kisha mpangilio, yaani kila kimoja kije mahali pake. Kuosha mara moja kunatosheleza na mara tatu ni sunna. Kusukutua na kupandisha maji puani nako ni sunna, kwa hiyo aliyeviacha hajaharibu udhu wake, ingawa mtu wa nje angedhani kuosha kinywa ni muhimu kuliko kulowesha nywele chache za utosini.

Sasa chukua mtu aliyetoka kwenye matope ya mikoko, akafika msikitini na kuanza na miguu kwa sababu ndiyo michafu. Ameisugua vizuri, kisha akaweka nia, akaosha uso, mikono, akapaka kichwa maji, akasimama. Miguu yake inang'aa, lakini udhu wake haujatimia. Ule uoshaji wa mwanzo umehesabika kuwa ni kunawa tu, na inambidi aioshe tena miguu ile safi, sasa ikiwa mahali pake katika mpangilio. Angalia pia fundi wa mashua aliyeshinda akipaka rangi, rangi ikamkauka mikononi. Rangi ile ina unene unaozuia maji kufika kwenye ngozi, kwa hiyo udhu hautimii mpaka aibandue. Bibi harusi mwenye hina hana tatizo hilo, kwa kuwa hina huacha rangi bila tabaka. Rangi ya kucha inarudi kwenye hukumu ya rangi ya mashua. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayeulizwa kama ni mchafu.

Vitenguzi vya udhu vinalionyesha jambo hili waziwazi zaidi. Mtu mwenye udhu akikanyaga kinyesi cha kuku njiani, udhu wake uko palepale, ila ataosha mguu kabla ya kuswali kwa sababu hiyo ni najisi na ina hukumu yake peke yake. Mtu huyohuyo akilala ubavu, akaamka safi kama alivyolala, udhu umetenguka. Akitokwa na upepo, udhu umetenguka, na viungo anavyorudi kuviosha ni uso, mikono na miguu, ambavyo havikuhusika kwa lolote. Kama udhu ungekuwa njia ya kuondoa uchafu, mpangilio huu usingeeleweka hata kidogo. Unaeleweka pale unapouona udhu kuwa ni hali ambayo mtu anaingia na kutoka kwa milango iliyokwisha kuwekwa. Ndiyo maana pia mwenye uhakika kwamba alitawadha, kisha akashuku kama udhu umemtoka, huambiwa abaki na uhakika wake.

Kama bado kuna shaka, tayamamu huimaliza. Maji yakikosekana, au mgonjwa akiwa atadhurika kwa kuyatumia, anapiga viganja kwenye udongo safi wenye vumbi na kupangusa uso, anapiga tena na kupangusa mikono mpaka viwikoni. Miguu na kichwa haviguswi. Mtu anatoka na vumbi usoni ambalo hakuwa nalo, na sasa anaruhusiwa kuswali.

Hapa msomaji makini atauliza kuhusu hospitali. Muuguzi naye ana hatua zilizopangwa za kunawa, ambazo hakuzitunga yeye. Shirika la Afya Duniani lina mchoro wake unaoonyesha kiganja kwa kiganja, katikati ya vidole, kuzunguka kidole gumba, na kazi yote kuchukua sekunde 40 hadi 60. Je, hiyo nayo ni ibada? Hapana, na sababu ni kwamba kila hatua pale iko rehani kwa matokeo. Ikithibitika kesho kwamba dawa fulani inaua vijidudu bila kusugua gumba, hatua ya gumba itafutwa na hakuna atakayesema kwamba watu wameacha kunawa. Nyuma ya kanuni kuna lengo linaloweza kuishtaki. Katika udhu huwezi kuleta sabuni bora kuliko zote duniani ukasema sasa kuosha uso peke yake kunatosha. Sabuni inaruhusiwa, lakini haihesabiki.

Sasa tuje kwenye nia, kwa sababu inaonekana kuivunja nadharia nzima. Tumesema kusudio la mtendaji haliamui tendo, na papo hapo nguzo ya kwanza ya udhu ni nia. Mvuvi anayeibuka baharini akiwa ameloa utosi hadi nyayo hana udhu kwa madhehebu ya Shafi, kwa kuwa hakukusudia. Lakini tazama nia hiyo inafanya kazi gani. Inaamua tu kama umeingia kwenye tendo au hujaingia. Haikupi ruhusa ya kuliumba: huwezi kunuia kwamba leo udhu wako utakuwa wa viwiko peke yake, au kwamba kwako wewe udhu ni kupoza mwili. Na umakini wa moyo ukipungua katikati, ukawa unaosha miguu huku unawaza bei ya dizeli ya boti, udhu haukutoki kwa ajili hiyo. Nia ni mlango, na baada ya mlango ni umbo linalotawala. Madhehebu ya Hanafi yanaweka mlango mahali pengine, kwani kwao nia na mpangilio katika udhu ni sunna, si nguzo. Mwanaanthropolojia hana haja ya kuamua nani yuko sahihi. Kinachomhusu ni kwamba pande zote mbili zinajadili mipaka ya tendo ambalo kila mmoja amelikuta, na hakuna anayedai kulitunga.

Bagamoyo hiyohiyo, ukiifuata njia ya kuelekea misheni iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, utakuta maji mengine yanayofanya kazi ya namna hii. Ubatizo wa Kikatoliki unataka mambo machache tu: maji ya kweli, maneno ya kanuni, na mbatizaji anayekusudia kufanya kile Kanisa linachokifanya. Kasisi humwagia mtoto maji kichwani mara tatu akisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Wakati wa hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, hata ambaye mwenyewe hajabatizwa, ilimradi atumie maji, maneno hayo, na awe na kusudio hilo. Ona jinsi kusudio linavyoelezwa. Mbatizaji hatakiwi kuwa na maana yake binafsi ya ubatizo. Anatakiwa kukusudia tendo ambalo tayari ni la Kanisa.

Kosa lililotokea huko Marekani linalionyesha hili vizuri kuliko maelezo yangu. Mwezi Agosti 2020, ofisi ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani ilitangaza kwamba ubatizo uliofanywa kwa kusema "Tunakubatiza" badala ya "Nakubatiza" ni batili. Kasisi mmoja kijana wa Jimbo Kuu la Detroit alikuwa na video ya ubatizo wake wa utotoni. Alipoisikiliza, akamsikia shemasi akitumia wingi. Maana yake hakuwa amebatizwa, na kama hakubatizwa basi kipaimara chake hakikuwa kipaimara, na upadirisho wake haukuwa upadirisho. Misa alizoongoza na maungamo aliyosikia hayakuwa sahihi. Lakini watoto aliowabatiza walikuwa wamebatizwa kweli, kwa kuwa kubatiza hakuhitaji upadre. Mwezi huohuo alibatizwa, akapewa kipaimara, akapewa ushemasi na upadre upya. Shemasi wa awali alikuwa na moyo mwema, bila shaka alitaka jamaa wote wajisikie wameshiriki. Moyo wake mwema haukuhesabika. Tendo alilolikusudia yeye halikuwa lile lililokuwapo.

Mwanafalsafa wa Uingereza J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, alikwisha kutofautisha aina mbili za kuharibika kwa maneno yanayotenda. Kuna tendo lisilotokea kabisa kwa sababu utaratibu umekosewa, na kuna tendo linalotokea ila ni tupu kwa sababu mtendaji hakuwa mkweli. Aliyefunga ndoa bila walii wala mashahidi, kwa sheria ya Kishafi, hajafunga ndoa. Aliyefunga ndoa kwa masharti yote huku akipanga kuiba mali ya mke ni mume kamili, na ni mume mwovu. Kutambua kosa lililo mbele yako ni la aina gani ni nusu ya kazi ya uwandani. Inakusaidia pia usiingie kwenye mtego wa kudhani kwamba ibada ni imani iliyovaa mwili. Rappaport alisisitiza kwamba anayeshiriki anaonyesha hadharani kuukubali utaratibu, na kukubali huko kunamfunga mbele ya watu hata kama moyoni ana mashaka. Anayetawadha na kusimama safuni amejiweka chini ya sheria za swala. Ameamini kwa kiasi gani, hilo wenzake hawana njia ya kulipima.

Sasa turudi kwenye maana. Mtafiti mgeni huanza kwa kuuliza, "Kwa nini mnaosha mikono mpaka viwikoni, inamaanisha nini?" Mmoja atamwambia ni usafi, mwingine kwamba madhambi huondoka pamoja na maji, mwingine kwamba ndivyo Mtume alivyofanya, na mwingine atamwelekeza kwa sheikh. Mtafiti atadhani kuna mmoja anayejua na wengine wamesahau. Humphrey na Laidlaw walikutana na hali hiyohiyo Jaipur, ambako waumini walitoa maelezo tofauti kabisa ya tendo moja walilolifanya bega kwa bega. Hitimisho lao ni kwamba maana huja juu ya tendo lililokwisha kuwapo, na kila mtu anaweza kuipokea kwa namna yake bila tendo kubadilika. Frits Staal, aliyechunguza ibada za kale za Kihindu ziitwazo za Kiveda kusini mwa India, alifika mbali zaidi akasema ibada hazina maana kabisa. Hapo naona alivuka mpaka. Mafundisho kuhusu madhambi kuondoka na maji ni sehemu hai ya dini ya watu, na kuwaambia hayapo ni kutowasikiliza. Dai lililo sahihi ni dogo kuliko hilo: si mafundisho hayo yanayoamua kama udhu umetimia. Kwa hiyo ukiwa uwandani, badilisha swali. Uliza, "Mtu akisahau kiwiko, anafanyaje? Akikumbuka akiwa ndani ya swala je?" Majibu yatakuja kwa haraka na kwa kulingana, na utakuwa umeligusa umbo lenyewe.

Kipimo cha kosa hakiyagawi maisha yote sehemu mbili safi, na hapa anahitajika Catherine Bell, mtaalamu wa masomo ya dini, ambaye mwaka 1992 alipendekeza tuache kuuliza ibada ni kitu gani, tuulize ni kwa njia gani watu hulitenga tendo fulani na matendo mengine yanayofanana nalo. Chukua kunawishwa kwenye karamu ya harusi. Masinia ya pilau yameshawekwa mkekani, na kijana anapita na birika mkono mmoja na beseni mkono mwingine, taulo begani. Anaanza kwa wazee na wageni. Hata aliyetoka kunawa bombani dakika ile anatoa mkono wa kulia na kumwagiwa. Huo tayari ni utaratibu ambao hakuna aliyeutunga mle ndani, na matokeo ya usafi si kipimo chake pekee. Lakini kijana akianza na watoto na kumruka babu, kinachotokea ni aibu: mtu mzima atamwita na kumnong'oneza, na chakula kitaliwa. Hakuna atakayesema kwamba kunawa hakukutokea. Na maji ya birika yakiisha, watu watainuka kwenda bombani bila kinyongo. Kwa hiyo tuna ngazi. Kosa la sokoni linaacha uchafu, kosa la mkekani linaacha aibu, na kosa la msikitini au kisimani pa ubatizo linaacha ubatili. Kadiri unavyosogea upande wa ubatili, ndivyo tendo linavyokuwa la kiibada kwa ukamilifu zaidi. Na upande huo unaweza kufika bila dini: tarehe 20 Januari 2009 Barack Obama aliapishwa na neno moja la kiapo likatamkwa mahali pasipo pake, na kesho yake Jaji Mkuu akamwapisha tena Ikulu, ili pasiwepo wa kutilia shaka urais wake.

Kuna sehemu ambako kipimo hiki kinapata shida ya kweli, nayo ni ngoma za kupunga pepo zinazojulikana kote mwambao. Kuna ubani, nguo za rangi inayotakiwa na pepo husika, nyimbo zake na vyakula vyake, na vyote hivyo vimepangwa kabla ya mgonjwa kuletwa. Lakini pia kuna mgonjwa, na ndugu zake wamegharamia ili apone. Asipopona, vipimo viwili vinakutana: ama ngoma haikufaa, ama kuna kitu kilikosewa, pepo alitajwa siye au nguo ilikuwa ya rangi nyingine. Kinachoamua ni nani mwenye neno la kusema kosa lilikuwa wapi. Kwenye udhu, msemaji ni mtu mwenyewe akiwa peke yake na kiwiko chake, kwa sababu hakuna anayekaguliwa mlangoni. Kwenye ubatizo, neno la mwisho lilitoka Roma na kuwafikia watu waliokwisha kuishi miaka mingi wakijiona Wakristo. Kwenye ngoma ni fundi anayeiongoza, na hukumu yake inaweza kubishaniwa na fundi wa mtaa wa pili. Mwanafunzi anayeandika daftari lake la uwandani aandike kosa lenyewe, aliyeligundua, aliyelitamkia hukumu, na nani alikubali kurudia.